Jedwali la simpleksi limefika mahali safu nzima ni hasi, natoa nani? (LP ya kukodi masaa ya mashine)

nusu_saa
Wakuu habari za saa hizi. Nina LP ndogo ya kazini, namba nimezipunguza ili zikae kwenye karatasi. Karakana inatengeneza kipande cha aina moja, x ni idadi ya vipande, faida ni 5 kwa kila kipande. Kipande kimoja kinakula masaa 2 ya mashine na saa 1 ya mtu. Kwa wiki tuna masaa 40 ya mashine na masaa 30 ya watu. Sasa tunaweza pia kukodi mashine ya nje pamoja na mtu wake, y ni masaa ya kukodi, saa moja inagharimu 1, na ukikodi saa moja unapata saa moja ya mashine na saa moja ya mtu kwa mpigo. Kwa hiyo nimeandika hivi:

```
max Z = 5x - y
2x - y <= 40
 x - y <= 30
x, y >= 0
```

Nikaweka s1 na s2, nikaingiza x, s1 akatoka, nikapata jedwali hili la pili:

```
        x     y     s1    s2  |
Z       0   -1.5   2.5    0   | 100
x       1   -0.5   0.5    0   |  20
s2      0   -0.5  -0.5    1   |  10
```

Mstari wa Z bado una hasi kwenye y kwa hiyo y anaingia, ila uwiano unanipa 20 gawa kwa -0.5 ambayo ni -40, na 10 gawa kwa -0.5 ambayo ni -20. Zote hasi. Nani anatoka hapa? Nichukue iliyo ndogo au nimekosea hesabu huko juu?

kisiki88
Hesabu iko sawa mkuu. Hapo unapuuza alama ya hasi, unachagua ndogo bila kuangalia alama, yaani 20, kwa hiyo s2 anatoka, unapiga pivoti kwenye -0.5 ya chini unaendelea kama kawaida. Tulifundishwa hivyo.

Mzee_wa_Pivoti
Kisiki ndugu yangu, usimpeleke mtoto wa watu shimoni. Hebu tufanye hiyo pivoti yako tuone inatupeleka wapi. s2 akitoka, y anakuwa -20, x anashuka kutoka 20 hadi 10, na Z inatoka 100 inakuwa 70. Yaani tumekodi masaa hasi ishirini, na faida imeshuka wakati mstari wa Z ulituahidi itapanda. Ukiona namba hasi upande wa kulia halafu Z inarudi nyuma kwenye tatizo la kuongeza, jua umepiga pivoti pasipo ruhusa.

Uwiano tunaufanya kwa sababu moja tu. Tunauliza, nikimwongeza y taratibu, nani kati ya waliomo ndani atafika sifuri kwanza? Huyo ndiye anayetoka. Sasa @nusu_saa soma hiyo safu yako ya y. Ukiongeza y kwa 1, x inaongezeka nusu, na s2 inaongezeka nusu. Hakuna anayeshuka hata mmoja! Hakuna wa kumtoa kwa sababu hakuna anayeumia. Na kila saa unayoongeza, Z inapanda 1.5. Sasa utaacha kuongeza wapi? Huachi. Hiyo LP haina kikomo, jedwali limeshakujibu, kazi ya simpleksi imeisha hapo.

nusu_saa
Kwa hiyo jibu ni "faida ni infiniti"? Bosi atanifukuza 😂

Mzee_wa_Pivoti
Usimpelekee bosi infiniti, mpelekee ile safu. Jedwali halijasema tu kwamba hakuna kikomo, limekuandikia na njia yenyewe ya kwenda huko. Anzia pale ulipo, x 20, y 0, s2 10. Weka y iwe t, kitu chochote kile. Basi

```
y  = t
x  = 20 + 0.5t
s2 = 10 + 0.5t
s1 = 0
Z  = 100 + 1.5t
```

Jaribu t ikiwa 100. x ni 70, mashine zinahitaji masaa 140, una 40 zako na 100 za kukodi, sawa kabisa. Watu wanahitaji masaa 70, una 30 na 100, umebakiwa na 60. Faida 350 toa 100 ni 250. Masharti yote yametimia. Weka t milioni, yatatimia tena.

Sasa isome hiyo njia kwa lugha ya karakana: ninakodi saa moja kwa 1, inanipa nusu kipande chenye faida ya 2.5, nabaki na 1.5 mkononi, narudi kukodi tena. Model yako inaamini kuna mtu huko nje ana masaa yasiyoisha kwa bei hiyohiyo, na kuna wanunuzi wasioshiba vipande. Moja kati ya hizo mbili ni uongo, labda zote. Lakini ulizoandika kwenye karatasi hazisemi hivyo, na simpleksi inaamini karatasi.

binti_takwimu
Naongezea kidogo, hata ilikuwa haina haja ya kufika jedwali la pili. Kwenye jedwali la kwanza safu ya y ilikuwa -1 na -1, zote hasi tayari. Eneo la majibu liko wazi upande mmoja kwa hiyo tatizo halina kikomo, ungesimama palepale.

Mzee_wa_Pivoti
Hapo dada umepata nusu. Kweli kwenye jedwali la kwanza safu ya y ni hasi tupu, na kweli hiyo inakwambia eneo liko wazi, unaweza kukodi masaa mpaka ulimwengu uishe bila kuvunja sharti lolote. Lakini angalia mstari wa Z wa jedwali hilo, chini ya y kuna +1. Kukodi masaa peke yake bila kutengeneza chochote kunakula hela. Njia iko wazi ila inateremka, nani anataka kuifuata? Inabidi vitu viwili vikutane kwenye safu MOJA: mstari wa Z uonyeshe faida, na chini yake pasiwe na namba chanya hata moja, ziwe hasi au sifuri. Kimoja bila kingine hakitoshi.

Nitakupa mfano uleule. Badilisha bei ya kukodi iwe 3 badala ya 1, kila kitu kingine kibaki. Kwenye jedwali la pili namba ya y kwenye mstari wa Z inakuwa 3 toa 2.5, yaani +0.5. Safu ya chini haijabadilika, bado -0.5 na -0.5, eneo liko wazi vilevile. Lakini simpleksi inasimama na kusema jibu ni x 20, y 0, Z 100. Eneo wazi, jibu linalo kikomo.

binti_takwimu
Sawa nimekuelewa, kumbe nilikuwa nachanganya eneo na lengo. Na bei ikiwa 2.5 kamili?

Mzee_wa_Pivoti
Swali zuri. Inakuwa sifuri. Basi Z inabaki 100 hata ukikodi masaa elfu moja, una majibu bora yasiyo na idadi na mengine yako mbali huko, lakini Z yenyewe ina kikomo. Watu wengi wakiona y inaweza kwenda popote wanaandika "haina kikomo", mwalimu anakata.

chemchem_ya_data
Jamani na mimi nina hilohilo tatizo lakini langu ni la kupunguza gharama, nachanganya malighafi mbili, A bei 3 kwa kilo na B bei 5 kwa kilo, nataka jumla isipungue kilo 100, nimeweka kwenye Excel Solver inaniambia "The Objective Cell values do not converge". Nimeongeza masharti ya stoo lakini wapi, bado inasema vilevile. Je ni kwa sababu faida yangu ni kubwa sana kama ya huyu ndugu?

nusu_saa
Ndugu hapa hamna faida kubwa, soma uzi kwanza 😅

fundi_solva
Mwacheni, lake ni la familia hiyohiyo ila mlango mwingine. @chemchem_ya_data kwenye dirisha la Solver kuna kisanduku kimeandikwa "Make Unconstrained Variables Non-Negative", kiangalie kama kina tiki. Naamini hakina. Bila hiyo tiki Excel inaruhusu kilo hasi. Ikiruhusiwa, inanunua A kilo 100 na zaidi, halafu B inaiweka hasi kufidia, jumla inabaki 100. A ikiwa 100 + t na B ikiwa -t, gharama ni 300 toa 2t. Yaani inamuuzia msambazaji B asiyokuwa nayo kwa bei 5, inanunua A kwa 3, inakula 2 kwa kila kilo. Na masharti yako ya stoo bila shaka ni ya "isizidi" kwenye B, hayazuii chini ya sifuri. Ndio maana hayakusaidia.

chemchem_ya_data
Daah. Nimeweka tiki, imetoa A 100 gharama 300. Lakini hilo si jibu la kijinga? B haitumiki kabisa.

fundi_solva
Kwa sharti moja la jumla ya kilo, ndio jibu sahihi, ya bei nafuu inashinda. Kama B ina kitu ambacho A haina basi hujakiandika. Fungua uzi wako tuliangalie, hapa tutamchanganya mwenye uzi.

Na wale wa Python, mjue kila kifurushi kina tabia yake. `linprog` ya scipy usipotaja chochote inachukulia vigeu vyote si hasi, lakini `LpVariable` ya PuLP usipotaja `lowBound` kigeu kiko huru pande zote mbili. Mtu akihamisha model kutoka huku kwenda kule inaanza "kukosa kikomo" na hajagusa hata namba moja. Lingine, `linprog` inapunguza siku zote, haina kuongeza, kwa hiyo faida unaigeuza alama. LP ya nusu_saa inaandikwa hivi:

```
from scipy.optimize import linprog
r = linprog([-5, 1], A_ub=[[2, -1], [1, -1]], b_ub=[40, 30])
print(r.status, r.message)
```

Status 3 ni haina kikomo, 2 ni haina jibu kabisa. Ila usishangae siku nyingine ikikupa 4 na ujumbe kwamba ni mojawapo kati ya hayo mawili haijui lipi, maana ile hatua ya kusafisha model kabla ya kuanza huwa inagundua kuna kasoro kabla ya kujua ni kasoro gani. Gurobi nayo ina status yake ya hivyo, `INF_OR_UNBD`. Dawa yake rahisi, futa lengo, weka sifuri tupu, endesha tena. Ikipata jibu lolote basi masharti yanakubaliana, tatizo lako ni kikomo. Ikisema haina jibu, basi masharti yenyewe yanagombana na hiyo habari ya kikomo iache.

nusu_saa
Nimeendesha nimepata 3. Sasa nimekaa nahakiki zile 40 na 30, nimempigia msimamizi anasema mashine ni masaa 44 kweli si 40. Nikibadilisha hiyo itasaidia?

Mzee_wa_Pivoti
Haitasaidia hata ukiweka 4 au 4000. Angalia vizuri, namba za upande wa kulia haziingii kwenye safu ya y wala kwenye mstari wa Z chini ya y. Zinabadilisha unaanzia wapi, hazibadilishi njia. Mradi kuna jibu hata moja linalokubalika, kukosa kikomo kunaamuliwa na namba za ndani na za lengo tu. Kwa hiyo ukiwinda kosa usipoteze siku kwenye stoo na masaa uliyonayo. Winda kwenye vitu vitatu: sharti ambalo halijaandikwa kabisa, alama iliyogeuka, au gharama iliyosahaulika kwenye kigeu kinachoonekana kwenye njia. Hapa walio kwenye njia ni x, y na s2. s2 ni ziada tu, wanabaki x na y. Uliza kuhusu hao wawili.

kisiki88
Mimi badala ya kuuliza huwa naweka y <= 1000000 naendelea na maisha, solva inatoa jibu.

fundi_solva
Kama tochi ni sawa kabisa, kama jibu hapana. Ukiweka hiyo milioni utapata y 1000000, x 500020, Z 1500100. Faida ya tochi ni kwamba unaona nani kakwama kwenye ukuta uliomjengea, kwenye model yenye vigeu mia nne hiyo ni habari kubwa kwa sababu huwezi kusoma jedwali kwa macho. Ubaya, ukisahau kuutoa, au ukaweka kwenye kigeu ambacho kina gharama ndogo tu, ripoti inatoka ikiwa na sura ya jibu halali na hakuna anayejua kwamba ile Z ni milioni yako wewe imezidishwa na 1.5. Bora solva ikatae waziwazi kuliko hiyo.

kisiki88
Mimi nikiona namba kubwa hivyo lazima nishtuke mkuu, si mtoto.

fundi_solva
Ukiweka milioni utashtuka. Ukiweka 500 "kwa usalama" je?

binti_takwimu
Mimi nimejaribu kuiandika duali yake kwa mkono. Bei ya saa ya mashine u, ya saa ya mtu v. Kipande kinadai 2u + v isipungue 5. Kukodi kunadai u + v isizidi 1. Lakini kama u + v haizidi 1, basi 2u + v haiwezi kuzidi 2, na huku inatakiwa 5. Haiwezekani, duali haina jibu. Ndio maana yake kwamba hakuna bei ya ndani ya saa inayoeleweka? Maana soko la kukodi linasema saa ni 1, kipande kinasema saa ina thamani zaidi ya hapo.

Mzee_wa_Pivoti
Umeisoma vizuri kuliko wengi. Bei mbili za kitu kimoja, na model inaruhusu biashara kati yake bila ukomo. Duniani pengo la namna hiyo huwa linazibwa na mtu, ama mwenye mashine anapandisha bei au soko la vipande linajaa.

nusu_saa
Nimerudi. Nimeuliza ofisini. Moja, ile gharama ya 1 haina usafiri wa kupeleka na kurudisha vipande, ukiweka inakuwa 1.8. Mbili, mwenye mashine yuko mmoja tu na hatoi zaidi ya masaa 60 kwa wiki. Tatu, kuhusu soko hakuna anayejua, wanasema "vyote vinaisha" lakini hatujawahi kutengeneza zaidi ya 22 kwa wiki.

Kwa hiyo usafiri pekee haukutosha, mstari wa Z unakuwa 1.8 toa 2.5, bado -0.7, bado haina kikomo. Nimeweka y <= 60 ikatulia, kwa 40 zilezile za mwanzo napata x 50, y 60, Z 142. Nikithibitisha yale 44 nitarudia.

Mzee_wa_Pivoti
Hesabu sawa, 250 toa 108. Ila hiyo 50 inanitia wasiwasi kuliko ile infiniti. Mnatengeneza 22, model inasema 50, na kilichoizuia ni mwenye mashine, si mnunuzi. Sharti la soko bado halipo, limefichwa tu nyuma ya zile 60.

nusu_saa
Sasa niweke x isizidi ngapi kama hakuna anayejua?

fundi_solva
Mimi ningewapa wakubwa majibu kwa soko tofauti. x isizidi 30, y inakuwa 20, Z ni 150 toa 36, 114. x isizidi 40, y 40, Z 128. Waambie kila kipande cha ziada juu ya 20 kinaleta 1.4, waamue wao kama wanaweza kuviuza.

Mzee_wa_Pivoti
Mimi sikubali sana. Ukiweka kikomo cha kubuni na kumwachia mtu achague, atachagua kikubwa. Bora faida ya kipande ishuke kadiri vinavyoongezeka, vya kwanza 25 kwa 5, vinavyofuata kwa 4, na kuendelea.

fundi_solva
Na hizo 25 na 4 umezitoa wapi mzee? Si za kubuni pia?

Mzee_wa_Pivoti
Nimezibuni, ndiyo. Lakini zinabishaniwa na mtu wa mauzo. Kikomo kimoja hakuna anayekibishia.

binti_takwimu
Hivyo vipande vya bei tofauti tofauti havitaharibu mstari? Si inakuwa si LP tena?

Mzee_wa_Pivoti
Inabaki LP mradi faida inashuka. Unaigawa x kuwa x1 isiyozidi 25 yenye faida 5 na x2 yenye faida 4, simpleksi yenyewe itajaza x1 kwanza kwa sababu inalipa zaidi, huhitaji kuilazimisha. Ikiwa faida inapanda kwa wingi hapo ndipo inaharibika, itarukia x2 bila kumaliza x1. Na angalia jambo moja @nusu_saa, kwenye bei ya 1.8 kipande kinachotegemea masaa ya kukodi kinakula 3.6. x2 ikiwa na faida ya 4 bado inabakiza 0.4, kwa hiyo ukisahau ile y <= 60, LP inarudi kukosa kikomo, taratibu zaidi tu. Ngazi ya mwisho lazima iwe chini ya 3.6.

nusu_saa
Mtu wa mauzo anarudi Jumatatu, nitamuuliza kuanzia kipande cha ngapi anaanza kutoa punguzo. @kisiki88 usifute ile komenti yako ya kupuuza alama, nitaionyesha kwa mwenzangu, na yeye ndivyo alivyoniambia.

kisiki88
Mimi bado nitamtafuta aliyetufundisha.